Daftari la jenereta ya akiba: orodha ya spea na ratiba ya sevisi kwa biashara ndogo

Bucha moja la Uyole, Mbeya, mwezi wa Julai, saa mbili usiku. Umeme umekatika tangu jioni. Jenereta inawaka kwa stata ya kwanza, inanguruma vizuri kama sekunde arobaini, halafu sauti inaanza kushuka, inakohoa mara mbili, inazima. Ukipiga stata tena inawaka, inazima tena. Mama mwenye bucha akanipigia simu: "Fundi, njoo tu na spana zako. Filta ya dizeli ninayo ya akiba, niliinunua mwenyewe."

Nilipofika nikalegeza kikoki cha chini ya filta na kukinga kinachotoka kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Nikaiacha chupa itulie kidogo, nikaimulika kwa tochi. Dizeli ilikuwa juu, ya rangi yake ya kawaida. Chini yake kulikuwa na vidole viwili vya maji, na katikati utando mweusi unaovutika kama uji wa mlenda. Hapo ugonjwa ulikuwa umeshajulikana. Nikafungua filta ya zamani, nikaomba ile ya akiba. Rangi ni ileile na urefu uleule, mtu angeapa ni pacha. Nikaanza kuifunga, ikashika nusu mzunguko na kukwama. Shina kwenye mashine lilikuwa na nyuzi za milimita, na tundu la filta lilikuwa la nyuzi za inchi. Ilinunuliwa kwa macho, kwa kuifananisha na ile iliyokuwa imefungwa.

Usiku ule niliokoa kwa kwenda kuvua filta ya jenereta yangu ya karakana, inayotumia injini ya familia hiyohiyo. Wiki iliyofuata tukakaa na yule mama na kuandika karatasi mbili: moja ya spea, nyingine ya sevisi. Hapa naeleza jinsi tulivyoziandika, kwa mashine yake hasa, ili ukitaka kuandika za kwako ujue kila mstari umetoka wapi.

Soma vibao kabla ya kuandika chochote

Mashine yake ni ya dizeli, silinda tatu, inapozwa kwa maji, 15 kVA, fezi tatu. Watu wengi wakifika dukani husema hivyo tu, "nataka filta ya jenereta ya kVA kumi na tano". Muuzaji hawezi kukusaidia kwa maneno hayo, kwa sababu ukubwa wa jenereta hauelezi injini. Kiwanda kinachounganisha jenereta kinaweza kununua injini kwa mtu mmoja na sehemu ya kuzalisha umeme kwa mwingine, na kesho kikabadilisha.

Kwa hiyo tafuta vibao vitatu. Cha kwanza kimebandikwa kwenye fremu au kwenye boksi la nje, nacho kinataja jenereta nzima. Cha pili kiko kwenye injini yenyewe, mara nyingi ubavuni karibu na pampu ya noze au juu ya kifuniko cha valvu, na kwa kawaida kimefunikwa na vumbi na mafuta. Kisafishe kwa kitambaa chenye dizeli kidogo. Hiki ndicho cha kununulia filta, mikanda, gasketi na noze. Cha tatu kiko kwenye sehemu ya kuzalisha umeme, nacho ni cha kununulia kidhibiti volti na bearing yake ya nyuma. Piga picha vibao vyote vitatu, kisha nakili aina na namba ya injini kwa mkono juu kabisa ya karatasi ya spea. Simu hupotea, na hupotea siku ambayo umeme haupo.

Kwa namba za filta, njia ninayoiamini ni hii. Siku ya sevisi, filta ikishatoka, ifute na usome namba iliyochapwa kwenye kopo lake. Linganisha na namba iliyo kwenye kitabu cha injini. Kama zinaafikiana, andika. Kama hazifanani, usikurupuke kusema ni feki, kwani watengenezaji wa filta wana namba zao kwa filta ileile. Andika zote mbili, ya kiwanda na ya mbadala. Mbadala wowote mpya unaoletewa upime kwa mambo matatu: nyuzi ziingie kwa mkono mpaka mwisho bila kulazimisha, mpira wa kuzibia uwe na upana uleule, na kwa filta ya oili uulize kama ina valvu za ndani kama ya awali. Filta isiyo na valvu ya kuzuia oili isirudi chini itafungika vizuri kabisa, ila kila ukiwasha mashine iliyokaa wiki mbili, injini itazunguka sekunde kadhaa bila oili juu.

Spea zipi zikae ndani, zipi zibaki dukani

Hapa watu hukosea kwa pande mbili. Wapo wasio na hata filta moja, na wapo waliojaza kabati vitu ambavyo havitaguswa miaka kumi. Mimi huuliza maswali mawili tu kwa kila kifaa: kikifa, mashine inasimama? Na nikikihitaji leo, kinafika lini?

Filta ya dizeli ikiziba mashine inasimama, na ingawa mchana utaipata Mwanjelwa, usiku hupati. Basi inakaa ndani, na si moja bali mbili. Ukishaletewa dizeli chafu, filta ya kwanza itaziba ikiwa inasafisha uchafu uliobaki kwenye mipira, na utaihitaji ya pili siku mbili baadaye. Mkanda wa feni ni hivyohivyo: ni bei ndogo, hauchukui nafasi, na ukikatika injini itachemka dakika chache tu baadaye.

Rejeta au stata ni kitu kingine. Ni ghali, haifi ghafla bila dalili mara nyingi, na stata inaweza kutengenezwa na fundi wa mjini siku hiyohiyo. Hizo usiziweke. Andika tu ni nani anazitengeneza na ziko wapi.

Kuna kundi la katikati linalonifanya nisite. Solenoidi ya kuzimia ni kifaa kidogo chenye uwezo wa kusimamisha mashine nzima, kwa sababu isipovuta, dizeli haiingii. Kidhibiti volti nacho kikiungua, injini inazunguka vizuri lakini umeme hautoki, au unatoka wa juu mno na kuunguza friji. Kwa mashine nyingi hivi viwili huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, vinasafirishwa kwa basi, na hiyo ni kama duka linacho. Kwa mtu mwenye nyama ya kuharibika, nilishauri anunue vyote viwili. Kwa mwenye stationari ningemwambia anunue solenoidi tu, kidhibiti asubiri.

Betri ya akiba usiweke. Betri ya asidi ikikaa kabatini hujimaliza yenyewe taratibu, na siku ya kuitaka utakuta imekufa kabla hata haijafanya kazi. Badala yake andika tarehe iliyofungwa na uibadilishe kwa tarehe.

Orodha yake ya kukaa ndani ikawa hivi:

| Spea | Idadi | Cha kuandika pembeni |
|---|---|---|
| Filta ya dizeli | 2 | namba mbili, ya kiwanda na mbadala |
| Filta ya oili | 1 | namba, na kama ina valvu ya kuzuia oili |
| Ea klina | 1 | namba, urefu na kipenyo |
| Oili 15W-40 ya dizeli | lita 7 | mashine inachukua lita 6, moja ya kuongezea |
| Mkanda wa feni | 1 | namba iliyo mgongoni mwa mkanda |
| Kulanti iliyokwisha changanywa | lita 5 | rangi na aina, usichanganye aina |
| Washa za shaba za mfumo wa dizeli | seti 1 | vipenyo vyake |
| Fyuzi | 2 za kila aina | ampea |
| Klipu za hosi | 4 | vipenyo |
| Solenoidi ya kuzimia | 1 | volti 12, namba |
| Kidhibiti volti | 1 | namba kutoka kibao cha tatu |

Washa za shaba zinaonekana kama mzaha kwenye orodha ya namna hii. Lakini zile za zamani zikishabanwa hugeuka ngumu, na ukizirudisha, mfumo unavuta hewa mahali ambapo huoni hata tone la dizeli. Nimeona mtu akihangaika siku nzima na noze, kumbe ni washa ya bei ya soda.

Filta zibaki kwenye maboksi yake, kwenye kabati kavu, si juu ya jenereta ambako kuna joto na mtikisiko. Na kila kinachotoka kabatini kiandikwe kimetoka lini, na cha kurudishia kinunuliwe wiki hiyohiyo.

Saa na kalenda, kinachotangulia ndicho kinachofuatwa

Mita ya saa kwenye mashine ya yule mama ilisoma 508. Oili ilibadilishwa mara ya mwisho ikiwa 412, Mei ya mwaka uliotangulia. Yaani imefanya saa 96 kwa miezi 14. Yeye alikuwa ameambiwa oili ni kila saa 250, kwa hiyo akajua bado ana 154. Hesabu haikuwa na kosa. Lakini ifuatishe mpaka mwisho: saa 96 kwa miezi 14 ni kama saa 7 kwa mwezi, na kwa mwendo huo saa 154 zilizobaki zingechukua miezi mingine 22. Oili ileile ingekaa ndani ya injini miaka mitatu.

Jenereta ya akiba huchakaa kwa kukaa. Inawashwa dakika ishirini, injini haijapata moto wa kutosha, inazimwa. Mvuke wa maji na dizeli isiyoungua vinabaki ndani ya oili bila kukaushwa na joto, asidi inajijenga, na dawa zilizomo kwenye oili zinakwisha nguvu hata kama mashine haizunguki. Kwa hali ya hewa ya kwetu, ambapo asubuhi ya Juni injini huwa baridi kama jiwe la mtoni, hilo ni kubwa zaidi kuliko kwa mtu wa pwani. Kwa hiyo ratiba ya mashine ya akiba lazima iwe na safu mbili, ya saa na ya kalenda.

| Kazi | Saa | Kalenda |
|---|---|---|
| Kuangalia oili, kulanti, dizeli, mivujo | kila kabla ya kuwasha | kila wiki |
| Kukinga maji chini ya filta ya dizeli | – | kila mwezi |
| Kupima betri | – | kila mwezi |
| Kuwasha kwa mzigo, dakika 30 | – | kila mwezi |
| Oili na filta yake | 250 (mashine mpya, ya kwanza 50) | miezi 12 |
| Filta ya dizeli | 250 | miezi 12, kwa mashine hii 6 |
| Ea klina | kukagua 100, kubadili 500 | miezi 12 |
| Mkanda na hosi | kukagua 250 | kukagua miezi 6, mkanda mpya miaka 2 |
| Kulanti | 1,000 | miaka 2 |
| Nafasi za valvu | kama kitabu cha injini kinavyosema | – |
| Betri mpya | – | miaka 3 |

Kitabu cha injini yako kikisema tofauti, kifuate kitabu. Namba hizi ni za injini ndogo za kawaida zenye oili ya kawaida.

Kazi kubwa ya mwaka nimempangia Oktoba. Kwetu mvua huanza kushika Novemba, radi na upepo vinakuja nayo, na ndipo jenereta inapotafutwa sana. Oktoba pia ndiyo vumbi la kiangazi limeshaingia lote, kwa hiyo unatoa ea klina yenye uchafu wa msimu mzima na kuingia masika na mpya. Ukiwa Mafinga karibu na viwanda vya mbao, usingoje Oktoba. Unga wa mbao hujaza ea klina na kuziba matundu ya rejeta kwa kasi ya ajabu. Huko kagua kila mwezi, na rejeta ipulizwe kinyume na mwelekeo ambao feni inapeleka hewa, usije ukausukuma uchafu ndani zaidi.

Kubadilisha filta ya dizeli na kutoa hewa

Hii naieleza yote kwa sababu ndiyo kazi ambayo mwenye biashara anaweza kulazimika kuifanya mwenyewe usiku. Nyingine zinaweza kumsubiri fundi.

Kwanza geuza swichi ya jenereta iwe kwenye kuzima, kisha vua terminali ya hasi ya betri. Kama mashine inajiwasha yenyewe umeme unapokatika, hatua hii ndiyo inayolinda vidole vyako. Funga koki ya dizeli kutoka kwenye tangi. Weka kopo chini, legeza kikoki cha chini ya filta na ukinge kwenye chupa inayopitisha mwanga, uone kama kuna maji. Andika ulichoona: "hakuna", "kijiko kimoja", "vidole viwili". Maneno hayo yatakusaidia baadaye kuliko unavyodhani.

Fungua filta, hakikisha mpira wake wa zamani umetoka nayo na haujabaki umeng'ang'ania juu. Mpira juu ya mpira utavuja dizeli au kuvuta hewa. Paka dizeli safi kwenye mpira wa filta mpya. Mafundi wengi huijaza filta dizeli kabla ya kuifunga ili hewa itoke haraka, lakini dizeli unayomimina kwa mkono kupitia tundu la katikati huwa haichujwi, inakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya noze. Mimi huifunga kavu na kupampu kidogo zaidi. Ifunge kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu za mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia, si ya kufungia.

Sasa fungua koki ya tangi. Tafuta bolti ya kutolea hewa juu ya kichwa cha filta, ilegeze mizunguko miwili, ukandamize ile pampu ndogo ya mkono taratibu. Itaanza kutoa povu, halafu mapovu makubwa ya hapa na pale, kisha dizeli tupu isiyo na povu. Ukiona hiyo, kaza bolti huku bado unapampu. Kama kuna bolti nyingine kwenye pampu ya noze, rudia hapo pia. Futa dizeli yote iliyomwagika, rudisha terminali ya betri, washa. Ikikohoa kidogo mara ya kwanza ni hewa ya mwisho inatoka. Ikizima baada ya nusu dakika kama ile ya Uyole, basi bado inavuta hewa mahali, na mahali pa kwanza pa kutazama ni washa ya ile bolti uliyoilegeza.

Maji yanatoka wapi? Mara nyingine huja na dizeli, lakini kwa mashine ya bucha tangi lilikuwa robo tu kwa miezi. Nafasi tupu ya tangi inajaa hewa yenye unyevu, usiku baridi inapiga, bati la tangi linatoa jasho ndani, matone yanateremka chini. Kwenye mpaka wa maji na dizeli wanaota wadudu wasioonekana kwa macho, na ule mlenda mweusi ndio wao. Dawa ni kuliweka tangi limejaa karibu na mdomo, na kuizungusha dizeli: usiwe na dizeli ya zaidi ya mwaka mmoja. Mashine hii kwa nusu mzigo inakula kama lita 2 kwa saa, kwa hiyo kwa saa 7 za mwezi anatumia lita 14 hivi. Tangi lake la lita 60 likijazwa na kuongezwa kila mwezi, dizeli haizeeki.

Kuwasha kwa mzigo, si kuinguruma tu

Kosa nililolikuta sehemu nyingi ni mlinzi anaambiwa kila Jumamosi aiwashe dakika tano, "ichaji betri". Dakika tano bila mzigo ni mbaya kuliko kutoiwasha. Injini ya dizeli isiyobebeshwa haipati moto, dizeli haiungui yote, na masalia yake yanashuka kwenye oili na kutoka kwenye bomba la moshi kama mafuta meusi yanayodondoka. Ukiona bomba linatoa majimaji meusi, usiite fundi wa pistoni kwanza. Uliza inabeba mzigo kiasi gani.

Lengo ni angalau asilimia 30 ya uwezo wake. 15 kVA ni kilowati 12, kwa hiyo asilimia 30 ni kilowati 3.6. Kompresa ya chumba cha baridi cha yule mama inachukua kama 2.2, friji mbili kama 0.6 zikiwa zinafanya kazi. Jumla 2.8, haitoshi. Akiongeza birika la umeme la kilowati 2, inafika 4.8, na hapo nusu saa inatosha kupasha kila kitu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi yake: "chumba cha baridi, friji mbili, birika limejaa maji, dakika 30". Birika lichemshwe mara tano, chai ya wafanyakazi haikosi mnywaji.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha ubaya wa kuiacha usiku kucha ikilisha friji mbili peke yake, ambazo ni asilimia 5 tu. Afadhali iwashwe kwa muda wa saa mbili na vyote ndani, chumba kipigwe baridi ya kutosha, izimwe, milango isifunguliwe, iwashwe tena baadaye.

Upande wa juu nao una mpaka. Hewa ya Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Zile kilowati 12 za kwenye kibao, kwetu zihesabu kuwa 10. Ukiibebesha zote 12 itatoa moshi mweusi, na masizi hayo yanaingia kwenye oili. Ndiyo maana nikikuta mtu wa Njombe au Makete anaibana mashine yake mpaka juu, ninamshushia oili iwe saa 200.

Betri ipimwe siku hiyo kabla ya kuwasha. Zima chaja, iache saa chache, weka multimita kwenye nguzo zake. 12.6 na kuendelea ni nzima, 12.4 inahitaji chaji, 12.2 ni nusu tu. Halafu acha mita hapohapo mtu mwingine apige stata. Ikishuka chini ya 9.6 injini ikizunguka, betri inaelekea kufa hata kama ilisoma 12.6 ikiwa imepumzika. Injini ikishawaka isome kati ya 13.8 na 14.4. Pima asubuhi, kwa sababu betri inayoonekana nzima mchana wa jua ndiyo hiyohiyo itakayokuaibisha alfajiri ya Julai.

Mistari ya kujaza

Karatasi ya sevisi haitoshi bila daftari la matukio pembeni yake. Mstari mmoja kwa kila tukio: tarehe, mita ya saa, kilichofanyika, kilichoonekana, aliyefanya. Mistari mitatu ya kwanza ya bucha ilisomeka hivi:

| Tarehe | Mita | Kazi | Kilichoonekana |
|---|---|---|---|
| 22 Julai | 508 | oili, filta zote, tangi kusafishwa | maji vidole viwili, ute mweusi |
| 24 Agosti | 516 | mzigo dakika 30, maji kukingwa | maji kijiko kimoja, betri 12.5, stata 10.1 |
| 21 Septemba | 522 | mzigo dakika 30, maji kukingwa | hakuna maji, betri 12.6, stata 10.0 |

Kiwango cha oili kisomwe mashine ikiwa imelala sawa na imezimwa dakika tano. Kikishuka taratibu ni kawaida. Kikipanda bila mtu kuongeza, kuna dizeli au kulanti inaingia ndani, na mashine isiwashwe tena mpaka ijulikane ni ipi: oili nyepesi inayonuka dizeli ni upande wa noze au pampu, oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ni maji.

Filta ya dizeli tuliipunguzia ikawa miezi 6 kwa sababu ya vile vidole viwili vya maji. Januari nilipoitoa na kuikata kwa msumeno, karatasi yake ya ndani ilikuwa na rangi ya majani ya chai tu, hakuna ute. Nikafuta 6 kwa kalamu, nikaandika 12, tarehe na sahihi yangu pembeni. Ile filta ya nyuzi za inchi bado ipo juu ya kabati lake, imeandikwa kwa maka pen: SI YA MASHINE HII.